Je, Wajua? Video Yako na Kikasha cha Meneja

Je, wajua kwamba video ya megabaiti 20 haisafiri ikiwa na megabaiti 20? Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi, kwa hiyo kiambatisho hugeuzwa herufi kwanza, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Megabaiti 20 zinafika karibu 27, na seva ya mpokeaji yenye kikomo kidogo hurudisha barua hiyo. Hata video ya megabaiti 15 inaweza kurudishwa, kwa sababu seva ya Exchange, inayotumika katika ofisi nyingi, huja ikiwa imewekewa kikomo cha megabaiti 10. Kijana wa Mwanza anayepiga video na kuwaandikia mameneja wa hoteli za Capri Point, au wa kambi za watalii upande wa lango la Ndabaka, asiambatishe video kabisa katika barua ya kwanza. Aweke linki, tena moja tu.

Je, wajua kwamba linki nayo ina sifa yake, njema au mbaya? Kichujio cha barua taka hutazama jina la tovuti ambako linki inaelekea, kisha hulitafuta katika orodha za majina yenye doa, kama ile ya Spamhaus iitwayo DBL. Ndiyo maana vifupisho vya linki kama bit.ly vina hatari. Matapeli huvipenda kwa kuwa vinaficha mahali linki inapoishia, nawe ukivitumia unachukuliwa kuwa mwenzao. Linki kamili ya YouTube au ya tovuti yako ni salama zaidi, hata kama ni ndefu na haipendezi macho.

Kuna mtego unaofanana na huo ambao wengi hawauoni. Programu za kuwatumia wateja barua hubadilisha linki yako kimyakimya ili ipite kwao kwanza, wahesabu nani amebofya. Meneja anaona anwani ya YouTube, kumbe ndani yake kuna anwani nyingine, na tofauti hiyo ni dalili ambayo vichujio huihusisha na utapeli. Zima hesabu hiyo. Isitoshe, haiaminiki: mifumo ya usalama ya ofisi hufungua linki yenyewe ili kuikagua kabla binadamu hajaigusa.

Je, wajua kwamba video iliyopachikwa ndani ya barua haichezi katika Gmail? Wengine huweka picha yenye alama ya kuchezesha ili msomaji aibofye. Lakini Outlook za ofisini kwa kawaida huzuia picha zinazotoka nje, na meneja anabaki akitazama kisanduku kitupu. Sentensi moja ya kawaida yenye linki chini yake inasomeka kila mahali, hata kwenye simu ndogo iliyo na mtandao hafifu kule Ukerewe.

Je, wajua kilichobadilika Februari 2024? Google na Yahoo zilianza kumdai kila mtumaji uthibitisho kwamba barua imetoka kwake kweli. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anadaiwa vitatu: SPF, DKIM na DMARC. Mtumaji mdogo anadaiwa angalau SPF au DKIM, ingawa mimi ningeweka zote tatu. Ukiandika kutoka anwani ya @gmail.com, Google imeshakufanyia kazi hiyo. Ukiwa na jina lako la .co.tz na barua zako zinapitia Google Workspace, mstari wa SPF katika DNS huwa hivi:

```
v=spf1 include:_spf.google.com ~all
```

Shida inayowapata wengi ni kuwa na mistari miwili ya SPF: mmoja uliwekwa na kampuni iliyokuuzia nafasi ya tovuti, wa pili umeuongeza wewe. Ikiwa miwili, ukaguzi wote wa SPF huanguka. Iunganishe iwe mmoja. Kisha mtumie barua mtu mwenye Gmail, afungue vidoti vitatu, achague `Show original`. Mbele ya SPF, DKIM na DMARC lazima pasomeke `PASS`. Pasiposomeka hivyo, usihangaike na maneno ya barua. Kasoro iko huku.

Je, wajua kwamba linki ya Google Drive hufungwa kwa wengine usipoifungua? Faili jipya huwa `Restricted`, na meneja akibofya anaambiwa aombe ruhusa. Haombi mtu. Badilisha iwe `Anyone with the link`, kisha ijaribu katika dirisha la faragha la kivinjari, ambamo hujaingia kwa akaunti yako. Kwa video, YouTube katika hali ya `Unlisted` ni bora: mwenye linki anaona, na aliye nje hapati video hiyo kwa kutafuta. Ina faida nyingine pia. Ukiwa na video ya dakika 3 na sehemu inayomhusu meneja ikaanza sekunde ya 40, ongeza `?t=40` mwishoni mwa linki ya youtu.be, ambayo ni ya YouTube yenyewe, au `&t=40` ikiwa linki tayari ina alama ya `?`. Ataanzia hapo hapo.

Sasa tuangalie barua yenyewe, maana kuna linki inayofika salama lakini inasomeka kama majigambo. Majigambo huanza pale barua inapofungua kwa "mimi" na kumaliza kwa linki tano: Instagram, tovuti, YouTube na nyinginezo. Linganisha na hii, iliyoandikwa kwa hoteli ya ufukweni:

"Ndugu Meneja, habari za kazi. Katika ukurasa wenu nimeona picha nzuri za vyumba, ila sijaona ziwa linavyoonekana kutoka kwenye baraza. Mimi napiga video fupi hapa Mwanza. Hii ni ya sekunde 45, mashua zikirudi Kirumba asubuhi, na inaeleweka hata bila sauti. Ningependa kupiga ya namna hiyo barazani kwenu, asubuhi moja. Je, nizungumze na nani?"

Linki inakaa peke yake baada ya "bila sauti". Maneno "sekunde 45" yana kazi kubwa: yanamwambia mtu mwenye shughuli, anayetumia bando lake mwenyewe, gharama ya kubofya. Video ya sekunde 45 iliyobanwa kwa megabiti 2 kwa sekunde ni kama megabaiti 11. Na kazi iliyochaguliwa ni moja, inayofanana na anachohitaji yeye. Harusi ulizopiga Nyegezi, hata ziwe nzuri namna gani, hazimsaidii meneja huyu kuamua.

Je, wajua jinsi ya kujua kama linki ndiyo inayokuponza? Tafuta marafiki wawili ambao hujawahi kuwaandikia barua pepe, kwani anwani iliyokuzoea hukupokea kwa upole. Mmoja mtumie barua yenye linki, mwingine ile ile bila linki, wote wakitumia huduma moja. Yenye linki ikiangukia barua taka na nyingine ikafika, badilisha linki na ujaribu tena. Zote mbili zikianguka, rudi kwenye SPF. Jaribio moja halitoshi, kwa hiyo rudia na wengine.

Kwa jina la tovuti lililosajiliwa juzi, ningekwenda taratibu zaidi: barua ya kwanza bila linki yoyote, ikiishia na "Nikutumie video ya sekunde 45?" Meneja akijibu "tuma", kichujio kinaona mazungumzo ya pande mbili, naye anaipokea video aliyoiomba. Asipojibu ndani ya wiki, jibu ndani ya barua ile ile kwa mistari miwili, na linki iwekwe hapo mara moja tu.