Tairi la Probox: Usiishie kwenye 14

Mtu anayenunua matairi ya Probox kwa kawaida husema neno moja dukani: "Ringi 14." Muuzaji hushusha matairi mawili au matatu ya bei tofauti, yote yanaingia kwenye ringi hiyo, na mnunuzi huchagua kwa bei au kwa jinsi meno yalivyokaa. Maandishi mengine ya ubavuni hayasomwi. Lakini kwa gari linalobeba abiria na mizigo kutoka asubuhi hadi usiku, sehemu muhimu kuliko zote ni hiyo inayofuata baada ya 14.

Tuchukue tairi lenyewe. Probox nyingi za mzigo zinazotoka Japani huja na matairi yaliyoandikwa hivi:

```
155/80R14 88/86N LT
```

155 ni upana wa tairi kwa milimita. Hupimwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, tairi likiwa limefungwa na kujazwa upepo, kwa hiyo ukipima kwa futi sehemu inayokanyaga lami utapata pungufu. 80 si milimita tena, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya ule upana. Asilimia 80 ya 155 ni milimita 124. Hapa wengi huteleza, kwa kuwa hudhani 80 ya tairi hili na 80 ya tairi pana zaidi ni kimo kimoja. Si hivyo. Upana ukibadilika, kimo nacho kinabadilika hata kama asilimia imebaki ileile.

R inaeleza jinsi tairi lilivyojengwa ndani: nyuzi zake zinatoka ukingo hadi ukingo kwa kukatiza moja kwa moja, si kwa mshazari kama matairi ya zamani. Haihusiani na ukubwa wa ringi, ingawa tumezoea kuitamka pamoja nayo, "R14". Ukubwa wa ringi ni hiyo 14 peke yake, nayo ni kipenyo kwa inchi. Basi katika tairi moja kuna milimita, asilimia na inchi, na kila kimoja kinasimama kivyake.

Ukiziunganisha, utapata kimo cha tairi zima. Inchi 14 ni milimita 355.6. Ongeza ubavu wa juu na wa chini, 124 mara mbili, na jumla ni karibu milimita 604.

Sasa tuje kwenye 88/86N, ambako ndiko kwenye uzito wa jambo. 88 ni nambari ya mzigo. Si kilo 88. Ni nambari ya kwenye jedwali la kimataifa, na jedwali hilo linasema 88 ni kilo 560 kwa tairi moja. 86 ni kilo 530, nayo inahusu gari lenye matairi mawili mawili kila upande wa nyuma. Probox haina matairi pacha, kwa hiyo unaisoma 88. LT huonyesha kuwa tairi limetengenezwa kwa gari dogo la mizigo. N ni herufi ya mwendo, yaani kilomita 140 kwa saa. S ni 180, T ni 190, H ni 210. H haifuati mpangilio wa alfabeti, ipo kati ya U ya 200 na V ya 240, kwa hiyo usikisie kwa kufuata herufi.

Dukani kuna tairi lingine la ringi 14 ambalo huuzwa sana kwa magari madogo:

```
175/65R14 82S
```

Kwa macho linavutia kuliko la kwanza. Ni pana zaidi, na herufi yake ya mwendo ni kubwa. Linaingia kwenye ringi bila shida, na gari linasimama vizuri. Ndiyo maana fundi huweza kulifunga bila mtu yeyote kushtuka. Lakini 82 kwenye jedwali ni kilo 475. Kila tairi limepungukiwa kilo 85, na ekseli ya nyuma, yenye matairi mawili, imeshuka kutoka kilo 1,120 hadi 950.

Gari likiwa na dereva na abiria wachache, tofauti hiyo haionekani, na kwa matumizi hayo tairi hili halina kosa. Tuseme sasa limejaa abiria, nyuma kuna magunia, na ekseli ya nyuma imebeba kilo 1,050. Kila tairi la nyuma linabeba kilo 525. Tairi la 88 bado lina akiba ya kilo 35. La 82 limezidiwa kilo 50, na herufi S haiwezi kuliokoa, kwa sababu mwendo na mzigo ni vipimo viwili tofauti. Herufi hiyo inahesabiwa tairi likiwa halijazidishiwa mzigo na lina upepo unaotakiwa.

Tairi lililozidiwa halipasuki papo hapo. Ubavu hujikunja kupita kiasi kila gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Joto hulegeza gundi kati ya raba na nyuzi. Baada ya muda, meno ya pembeni huisha pande zote mbili kabla ya katikati, au ubavuni hutokea uvimbe mdogo kama kifundo. Uvimbe huo unamaanisha nyuzi za ndani zimekatika, na hakuna kiraka kinachoutibu. Ukiuona, tairi hilo lisirudi barabarani tena.

Upepo mdogo huleta dalili zilezile, kwa hiyo usilaumu tairi kabla ya kupima. Kilo 560 zinabebeka tu kwa upepo ambao kiwango cha tairi hilo kinautaka, na matairi ya LT kwa kawaida hutaka zaidi ya yale ya abiria. Tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari ya Japani maneno yake ni ya Kijapani, lakini saizi na upepo vimeandikwa kwa tarakimu zinazosomeka. Upepo huandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi, kwa hiyo 240 kPa ni karibu psi 35. Kiwango cha juu cha upepo kilichochapwa ubavuni ni mwisho wa tairi, si upepo wa kujaza kila siku.

Kuna jambo dogo la mwisho katika kubadilisha saizi. Tairi la 175/65R14 lina kimo cha milimita 583, yaani 21 pungufu ya lile la 155. Sakafu ya gari inashuka kwa karibu sentimita moja, na dashibodi ikisoma 100, mwendo halisi ni kama 97. Hilo halina hatari kubwa. Kwangu mimi, kilo 85 zinazopotea kwa kila tairi ndizo zinazotisha.

Kwa hiyo dukani usitaje ringi peke yake. Nenda na saizi na nambari ya mzigo kutoka kwenye kibandiko au kitabu cha gari, kisha uzisome mwenyewe ubavuni kabla fundi hajagusa spana. Likiwa na 82 na gari lako linahitaji 88, lirudishe, hata likiwa jipya na la bei nafuu.