Warfarini, mboga za majani na dawa nyingine

Warfarini huzuia ini kutumia vitamini K kutengeneza vigandishi vya damu. Kipimo cha INR huonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3.

Mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K kwa wingi, hivyo kuzila ghafla kwa wingi hushusha INR. Kuziacha kabisa nako ni kosa, maana dozi hupangwa kulingana na mlo wa kawaida wa mgonjwa. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile kila wiki.

Tuseme mgonjwa mwenye INR ya 2.5 anapata maambukizi ya mkojo na kuandikiwa kotrimoksazoli. Dawa hiyo huzuia ini kuivunja warfarini, nayo hujilimbikiza mwilini. Homa imemkata hamu ya kula, mboga hagusi. Ndani ya wiki moja INR inaweza kupita 5: fizi zinatoka damu akipiga mswaki, au choo kinakuwa cheusi kama lami, dalili ya kukimbilia hospitali. Ndiyo maana INR hupimwa siku 3 hadi 5 baada ya kuanza dawa ya namna hii. Metronidazoli hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha INR.

Chai ya mitishamba ni ngumu zaidi kukadiria. Vitamini K haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo kikombe chepesi cha chai ya kijani hakina shida kubwa. Unga wa mlonge ni tofauti: jani lote humezwa.