Dhahabu Nyumbani, Benki au kwa Muuzaji: Ikipotea, Nani Atalipa?

Sarafu na vipande vya dhahabu huweza kuhifadhiwa katika sefu ya nyumbani, katika kasha la kukodi benki, au katika hifadhi ya muuzaji aliyeiuza dhahabu hiyo. Wanunuzi wengi huzilinganisha njia hizi kwa unene wa ukuta na uimara wa kufuli. Jambo linalozitofautisha zaidi limo katika mkataba: dhahabu ikitoweka, ni nani anayewajibika kulipa? Uingereza ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili, kwa kuwa njia zote tatu zinatumika huko na zote zimewahi kujaribiwa na wezi.

Ichukuliwe kwamba mkazi wa Leicester ana sarafu kumi za aunsi moja moja, na thamani yake ni pauni 30,000. Mji huo una familia nyingi za asili ya Kihindi zilizotoka Uganda mwaka 1972, na nyingine zilizotoka Kenya na Tanzania, ambazo desturi yake ni kuweka akiba katika dhahabu. Wezi wanalijua hilo. Polisi wa Uingereza hutoa tahadhari kila msimu wa Diwali unapokaribia, wakati dhahabu ya familia inapotolewa na kuvaliwa.

Anayeiweka nyumbani huanza na sefu. Sefu zilizopimwa kwa viwango vya Ulaya hupewa daraja, na bima za Uingereza hulitafsiri kila daraja kuwa kiasi cha pesa. Daraja la 0 hukubaliwa kwa pesa taslimu za hadi pauni 6,000 au vitu vya thamani vya hadi pauni 60,000. Daraja la I huchukua 10,000 na 100,000. Tofauti hiyo ya mara kumi inaweza kumponza mtu. Kampuni ya bima ikizihesabu sarafu zake pamoja na pesa taslimu badala ya vito, sefu aliyoinunua haitoshi hata kidogo, kwa hiyo swali hilo huulizwa kwa maandishi kabla ya kununua. Sefu yenye uzito usiofika kilo 1,000 hufungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege, kwani isipofungwa wezi huibeba nzima na kuifungulia mahali pengine bila haraka.

Hata sefu ikiwa sahihi, bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani huwa na kikomo cha kitu kimoja, mara nyingi pauni 1,500 au 2,000, pamoja na masharti kuhusu king'ora, alama za kuvunjwa mlango, na siku ambazo nyumba haina mtu. Marekani hali ni ngumu zaidi: mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba huko huweka pesa taslimu, sarafu na vipande vya dhahabu katika fungu moja lenye kikomo cha dola 200 tu. Mwenye sarafu kumi hulazimika kuitaja dhahabu yake waziwazi na kuilipia ada ya ziada. Sefu ya pauni 900 itakayotumika miaka 15 humgharimu pauni 60 kwa mwaka. Ada ya ziada ikiwa pauni 150, jumla ni 210.

Kuna hatari moja ambayo fedha haiondoi. Sefu humzuia mwizi anayekuta nyumba tupu, lakini haimzuii anayeingia familia ikiwa ndani na kudai ifunguliwe. Ndiyo maana usiri ndio ulinzi wa kwanza wa nyumbani, nao huvuja kupitia mafundi, majirani na watoto.

Kasha la benki huihamisha hatari hiyo mbali na familia, ingawa benki nyingi za Uingereza zimeacha kutoa huduma hii na nafasi yake kuchukuliwa na kampuni binafsi. Mteja hukodi kisanduku, hupewa ufunguo, na anachokiweka ndani hakikaguliwi. Usiri huo una bei yake. Kwa kuwa mwenye jengo hajui kilichomo, kwa kawaida hawajibiki kwa thamani yake, au huwajibika kwa kiasi kidogo tu. Mpango wa kufidia wateja benki inapofilisika unahusu pesa zilizo kwenye akaunti, si vitu vilivyofungiwa kwenye kasha. Bima hununuliwa kando. Kodi ikiwa pauni 250 na bima 100, mwenye sarafu kumi hutoa 350 kwa mwaka, na huweza kuifikia dhahabu yake saa za kazi tu.

Wizi wa Hatton Garden, mtaa wa masonara jijini London, ulionyesha maana ya hayo. Wakati wa Pasaka ya mwaka 2015, kundi la wezi, wengi wao wazee, lilishuka kupitia shimo la lifti hadi kwenye ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 50. Waliutoboa matundu matatu yaliyoshikana kwa mashine ya ujenzi. Kabati la makasha likawazuia kwa nyuma, wakaondoka, kisha wakarudi siku mbili baadaye na kifaa cha kulisukuma. King'ora kilikuwa kimelia usiku wa kwanza. Mlinzi alifika, hakuona dalili ya kuvunjwa, akaondoka. Makasha 73 yalifunguliwa, na mali iliyoibwa ilikadiriwa kuwa pauni milioni 14. Ukuta wa aina hiyo hujengwa ili kuwachelewesha wezi hadi msaada ufike, na sikukuu ndefu iliwapa muda wote waliouhitaji. Wateja kadhaa hawakuwa na bima, wakabaki wakingoja polisi waikamate mali yao.

Hifadhi ya muuzaji hufanya kazi kwa namna nyingine. Mara nyingi dhahabu hukaa katika ghala la kampuni za usafirishaji wa vitu vya thamani, kama Brink's, na bima ya jumla huwa ndani ya ada. Ada ya BullionVault, kwa mfano, ni asilimia 0.12 kwa mwaka, na kima cha chini ni dola 4 kwa mwezi, yaani chini ya pauni 40 kwa mwaka kwa thamani ya pauni 30,000. Wengine hutoza karibu asilimia 1, sawa na pauni 300. Maghala haya nayo huibiwa: mwaka 1983, ghala la Brink's-Mat karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow lilipoteza takribani tani 3 za dhahabu kwa msaada wa mlinzi wa ndani. Lakini bima ililipa.

Hatari kubwa hapa haitoki kwa mwizi wa nje. Bima ya ghala hulipa dhahabu iliyokuwemo ikaibwa. Hailipi dhahabu ambayo muuzaji hakuwahi kuinunua. Kampuni ya Bullion Direct ya Austin, Texas, ilifilisika mwaka 2015, na wateja waliodhani dhahabu na fedha yao imehifadhiwa wakakuta sehemu kubwa haipo. Mkuu wake alifungwa jela.

Mkataba salama husema kwamba dhahabu ni mali ya mteja, imetengwa kwa jina lake, na muuzaji ni mtunzaji tu. Mteja huweza kuhakikisha kwa orodha ya vipande yenye namba na uzito inayotolewa na ghala lenyewe. Jumla yake inapaswa kulingana na jumla ya akaunti za wateja wote, na mkaguzi wa nje athibitishe. Njia nyingine ni kuomba apelekewe sarafu moja nyumbani: kuchelewa kusikoelezeka ni dalili mbaya. Hata karatasi zikiwa sawa, muuzaji akifilisika mfilisi huzipitia kwanza kabla ya kuachilia chochote, na hilo laweza kuchukua miezi mingi.