Kubadili rekodi moja bila kugusa faili zima

Chukua chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 500. Taarifa zao zote zimo katika faili moja la kompyuta, na leo mwanachama namba 137 ameweka shilingi 50,000. Programu inaweza kulisoma faili lote, ikabadili hesabu ya mtu huyo mmoja, kisha ikaliandika lote upya tangu mwanzo. Kazi itafanyika, lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, akiba za wanachama 499 ambao hawakuhusika zinaweza kupotea. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina njia iliyo salama zaidi: kwenda moja kwa moja hadi ilipo rekodi ya 137, kuandika juu yake, na kuziacha nyingine zilivyo.

Njia hiyo ina sharti moja. Kila rekodi iwe na urefu uleule, kwa sababu faili halisogezi vitu kupisha vipya. Baiti unayoiandika katikati hukaa juu ya ile iliyokuwapo, na iliyokuwapo imekwenda. Ndiyo maana jina la mwanachama hupewa nafasi maalumu hata likiwa fupi:

```c
struct Mwanachama {
    int32_t namba;
    char    jina[24];
    int32_t akiba;
};
```

Namba ina baiti 4, jina 24, akiba 4. Jumla ni 32. Hata hivyo, usiizoee hesabu ya vidole. Jina lingepewa baiti 22, ungetarajia jumla ya 30, kumbe kompaila kwa kawaida ingeongeza baiti 2 tupu ili akiba ianzie mahali panapogawanyika kwa 4, na rekodi ingebaki na baiti 32. Anayetumia 30 hapo atamtafuta mtu wa 137 na kuangukia katikati ya jina la mtu wa 128. Iachie kompaila yenyewe ikwambie urefu, kwa `sizeof`.

Kila faili lililofunguliwa lina alama ya mahali, ambayo hutembea kama kidole cha mwanafunzi wa chuoni kinachofuata maneno anayoyasoma. Ukisoma baiti 32, alama inasonga mbele baiti 32. Ukiandika, inasonga vilevile. `ftell` hukuambia alama iko baiti ya ngapi kutoka mwanzo, na kuhesabu kunaanzia sifuri. `fseek` huihamisha. Unaipa idadi ya baiti na mahali pa kuanzia kuhesabu: `SEEK_SET` ni mwanzo wa faili, `SEEK_CUR` ni pale alama ilipo sasa, na `SEEK_END` ni mwisho.

Kutokana na hizo mbili unapata ukubwa wa faili. Peleka alama mwisho, kisha uliza iko wapi:

```c
FILE *f = fopen("akiba.dat", "rb+");
fseek(f, 0, SEEK_END);
long ukubwa = ftell(f);
```

Jibu likiwa 16,000, gawanya kwa 32 upate wanachama 500. Baki la mgawanyo huo nalo lina habari. Ukipata 16,010, baki ni 10, maana yake kuna rekodi ya mwisho iliyoandikwa nusu, na ni vizuri programu ikatae kuendelea mpaka mtu alikague faili. `ftell` ikirudisha -1, imeshindwa, na usiichukue hiyo kuwa ni ukubwa.

Sasa turudi kwa mwanachama wetu. Rekodi ya kwanza inaanzia baiti 0, kwa hiyo ya 137 inaanzia 136 mara 32, yaani baiti ya 4,352.

```c
struct Mwanachama m;
long mahali = 136 * (long)sizeof m;
fseek(f, mahali, SEEK_SET);
fread(&m, sizeof m, 1, f);
m.akiba += 50000;
fseek(f, mahali, SEEK_SET);
fwrite(&m, sizeof m, 1, f);
fclose(f);
```

Mistari ya `fseek` ni miwili, na ule wa pili ndio unaosahaulika. Baada ya kusoma, alama imeshafika 4,384, mwanzo wa rekodi ya 138. Ukiandika bila kurudi nyuma, unaweza kumfuta mwanachama wa 138 na kuweka nakala ya wa 137 mahali pake, huku akiba ya 137 mwenyewe ikibaki ya zamani. Tena kanuni za C hazikuruhusu kutoka kusoma hadi kuandika katika faili lilelile bila kuihamisha alama katikati, isipokuwa kusoma kumefika mwisho wa faili. Ukikiuka hilo, hakuna uhakika wa kitakachotokea. Kwa hiyo mstari huo unafanya kazi mbili: unarudisha alama, na unafungua njia ya kuandika.

Herufi za `"rb+"` nazo zina uzito wake. `"wb"` hufuta faili lote pale linapofunguliwa. `"ab"` hupeleka kila unachoandika mwishoni, popote `fseek` ilipoiweka alama. Na ile `b` peke yake inastahili kuangaliwa kwa makini, maana katika Linux ukiisahau huoni tofauti yoyote, ila katika Windows unaona.

Bila `b`, Windows huchukulia faili kuwa ni la maandishi. Kila baiti yenye thamani 10, ambayo katika maandishi ni alama ya mstari mpya, hutanguliziwa baiti 13 wakati wa kuandika. Tuseme mwanachama wa 137 alikuwa na shilingi 650,000, sasa ana 700,000. Katika kompyuta nyingi za leo, 700,000 huhifadhiwa kama baiti nne: 96, 174, 10, 0. Windows itaandika tano: 96, 174, 13, 10, 0. Ile sifuri ya mwisho imevuka mpaka na kukaa juu ya baiti ya kwanza ya rekodi inayofuata, na namba ya mwanachama 138 imegeuka 0. Faili likisomwa vizuri kwa `"rb"`, akiba ya wa 137 itaonekana kuwa shilingi 168,668,768. Ukubwa wa faili haukubadilika hata baiti moja, kwa hiyo kupima ukubwa hakutaligundua kosa hili. Linaloligundua ni kusoma upya rekodi uliyoandika na ile inayoifuata, na kuhakikisha `namba` ndani yake inalingana na nafasi yake.

Kuna tahadhari nyingine. Karani akiandika kwa bahati mbaya mwanachama namba 900, `fseek` itakwenda baiti ya 28,768 bila kulalamika, ingawa faili limeishia 16,000. Kusoma hapo kutarudisha 0, na programu isiyolitazama jibu hilo itaendelea kuandika. Faili litarefuka ghafla, na katika Linux pengo la wanachama 501 hadi 899 litasomeka kama sifuri tupu. Linganisha namba na idadi uliyoipata kwa `ftell` kabla ya kuhamia popote.

Mpaka wa njia hii uko katika aina ya `long`. Katika Windows ina baiti 4, hata kwenye mashine za biti 64, hivyo haivuki 2,147,483,647. Kwa rekodi za baiti 32 hao ni wanachama zaidi ya milioni 67, na chama chetu hakitafika huko. Faili la video hufika upesi, na hapo hutumika `_fseeki64` katika Windows, au `fseeko` katika Linux.