Tangazo la kazi lisemalo ukweli huwachuja waombaji kabla ya mahojiano

WENYE shule na zahanati za kibinafsi katika maeneo ya Likoni, Kisauni na Changamwe hulalamika kwamba wakitangaza nafasi moja ya kazi hupokea rundo la barua, lakini mtu wanayemwajiri huondoka kabla ya miezi mitatu kutimia.

Lawama huelekezwa kwa vijana, ambao inadaiwa hawana uvumilivu. Hata hivyo, ukilisoma tangazo lenyewe utagundua kwamba mara nyingi kosa lilianzia hapo.

Tuchukue mfano wa zahanati iliyoko Mtongwe, Likoni, inayomtafuta muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya kujifungulia. Tangazo la kawaida huandikwa hivi:

"Anahitajika haraka muuguzi mchapakazi, mwaminifu na mwenye moyo wa kujitolea. Awe na uzoefu. Mshahara mnono. Tuma barua na vyeti."

Tangazo hili halimzuii mtu yeyote. Hakuna mwombaji atakayejiona kuwa mvivu wala asiye mwaminifu, kwa hivyo sifa hizo hazichuji. Maneno "mshahara mnono" humfanya kila msomaji ajijazie kiasi anachokitamani, na siku ya mahojiano atavunjika moyo. Zaidi ya hayo, jambo gumu kuliko yote, yaani zamu ya usiku ng'ambo ya kivuko, halikutajwa.

Ugumu utajwe mapema

Kanuni ya kwanza ni kuliweka wazi jambo ambalo lilimfanya mfanyakazi aliyetangulia aondoke. Mwajiri ajiulize: watu watatu waliotoka katika nafasi hii walilalamikia nini? Jibu la swali hilo ndilo linalostahili kuwa katika sentensi za mwanzo za tangazo.

Kwa zahanati yetu ya Mtongwe, jibu ni usiku na kivuko. Muuguzi huwa peke yake na msaidizi mmoja. Mgonjwa aliyezidiwa akihitaji kupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko kisiwani, gari la wagonjwa hulazimika kuvuka kwa feri ama kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu.

Mwombaji anayeyasoma haya na bado akaandika barua amekwisha kupiga moyo konde. Yule ambaye hawezi hujiondoa mwenyewe, bila kumpotezea mwajiri wakati.

Mshahara nao uandikwe kwa tarakimu. Aidha, ifafanuliwe iwapo kiasi hicho ni kabla ya makato ya kisheria au baada yake, na iwapo marupurupu ya nyumba yamo ndani. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao au marupurupu ya kutosha ya nyumba, na suala hili likifichwa huzua ugomvi mwisho wa mwezi wa kwanza.

Je, fedha humfukuza mwenye moyo?

Wapo waajiri wanaoamini kwamba kutaja fedha au kupandishwa cheo huwavutia wachumia tumbo pekee. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba suala hili si jepesi hivyo.

Nchini Zambia, mwaka wa 2010, serikali ilipoanzisha kada mpya ya wahudumu wa afya wa vijijini, watafiti walishirikiana nayo kubandika mabango ya aina mbili. Katika baadhi ya wilaya mabango yalisisitiza kuihudumia jamii, na katika nyingine yalisisitiza nafasi ya kupanda ngazi kazini. Baada ya kuajiriwa, wote walipewa kazi ileile na malipo yaleyale.

Walioajiriwa kupitia mabango ya kupanda ngazi waliwatembelea wakazi majumbani kwa asilimia 29 zaidi kuliko wenzao. Isitoshe, kujali kwao jamii hakukuwa duni kuliko kwa wale wengine.

Kwa upande mwingine, utafiti uliofanywa nchini Uganda kuhusu wahudumu wa afya wa kijamii wa shirika la BRAC ulionyesha kwamba kazi ilipoelezwa kuwa yenye mapato makubwa, waombaji waliongezeka, lakini wale wenye ari kubwa zaidi ya kusaidia jamii walipungua.

Tukiyaweka matokeo haya pamoja, funzo ni kwamba mwajiri ataje malipo jinsi yalivyo bila kuyapamba, na aeleze hatua ya kupanda ngazi ikiwa kweli ipo. Kinachomfukuza mwenye ari ni kuifanya kazi ya wagonjwa ionekane kama biashara ya kujitajirisha. Tarakimu iliyoandikwa wazi haina dosari hiyo.

Sharti liwe la kazi

Kanuni ya pili inahusu masharti. Kila sharti litokane na kazi yenyewe, wala lisitokane na mazoea ya mwajiri.

Sehemu ya 5 ya Sheria ya Ajira inapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya jinsia, dini, asili ya kikabila, ulemavu, ujauzito na hali ya ndoa, miongoni mwa mingine. Kwa hivyo, maneno kama "msichana asiyeolewa" au "mwenyeji pekee" ni hatari kwa mwajiri.

Ikiwa shida hasa ni kufika kwa wakati, na iandikwe hivyo: "Zamu huanza saa moja kamili ya usiku." Anayeishi Changamwe au Kisauni atapiga hesabu ya safari yake mwenyewe. Vivyo hivyo, ikiwa wagonjwa wengi huzungumza Kiswahili na Kidigo, lugha inaweza kutajwa kwa sababu ni chombo cha kazi.

Kwa muuguzi, sharti lisiloepukika ni usajili na leseni iliyo hai ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Nambari ya leseni iombwe katika barua ya kwanza, kwa kuwa mwajiri anaweza kuithibitisha kwa Baraza kabla ya kumwita mtu yeyote.

Stakabadhi nyingine zisubiri. Marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyofanywa mwaka wa 2022 hayamruhusu mwajiri kudai vyeti vya kuidhinishwa, mathalan cheti cha maadili mema cha polisi, hadi atakapokusudia kuingia mkataba na mtu huyo. Vyeti hivyo hugharimu fedha, na kuvidai mapema huwafungia nje maskini wenye ujuzi.

Swali moja lenye kazi

Kanuni ya tatu ndiyo inayochuja kuliko zote. Badala ya kuomba "barua ya maombi", tangazo liulize swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa barua iliyokwisha kutumwa mahali pengine kumi.

Hebu sasa tuliandike upya tangazo la Mtongwe:

"Zahanati yetu iliyoko Mtongwe, Likoni, inamtafuta muuguzi wa wodi ya kujifungulia. Kazi ni ya usiku, saa moja hadi saa moja asubuhi, zamu nne kwa wiki. Utakuwa na msaidizi mmoja. Afisa wa kliniki hupatikana kwa simu. Wagonjwa wa rufaa husindikizwa na muuguzi hadi kisiwani. Mshahara ni Sh38,000 kwa mwezi kabla ya makato, marupurupu ya nyumba yakiwemo, na hulipwa kufikia tarehe 3. Kipindi cha majaribio ni miezi mitatu. Baada ya mwaka mmoja, muuguzi anaweza kuomba kuhamia zamu ya mchana.

"Sharti: stashahada ya uuguzi na leseni iliyo hai. Kiswahili ni lazima. Kidigo ni faida. Tuma nambari ya leseni, majina ya wasimamizi wawili wa awali, na nusu ukurasa ukieleza usiku mmoja ambapo mama aliyejifungua alizidiwa mikononi mwako: ulifanya nini kwanza, ulimwita nani, na ungebadilisha nini. Usitaje jina la mgonjwa. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Hakuna ada yoyote inayotozwa."

Kiasi cha mshahara hapa ni cha mfano. Kila mwajiri aweke chake.

Majibu ya swali hilo hutofautiana mno. Mmoja ataandika kwamba yeye ni mchapakazi na anaipenda kazi yake. Mwingine ataeleza kwamba mama alivuja damu dakika kumi baada ya kondo la nyuma kutoka, kwamba alilikanda tumbo la uzazi huku msaidizi akiandaa dripu na dawa ya oksitosini, na kwamba tangu usiku huo hukagua trei ya dharura kabla ya kupokea zamu. Wa pili ndiye wa kuitwa.

Agizo la kutotaja jina la mgonjwa nalo ni mtihani. Atakayelitaja ameonyesha jinsi atakavyotunza siri za wagonjwa wa Mtongwe.

Bila shaka jibu linaweza kuandikwa na mtu mwingine. Ndiyo maana siku ya mahojiano mwombaji aulizwe maswali juu ya kisa hichohicho: taa zilikuwapo? Msaidizi alikuwa wapi? Aliyekuwapo hujibu bila kusitasita.

Shule zaweza kufuata njia hiyo. Shule ya msingi ya Mtopanga au Bamburi inayotafuta mwalimu wa hisabati iombe nambari ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwani sheria ya mwaka wa 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufundisha. Kisha iulize: "Eleza utakavyofundisha sehemu kwa dakika 35 katika darasa la wanafunzi 55 wenye vitabu 20." Cheti cha maadili mema kiwe sharti la ofa, na mwalimu asikabidhiwe watoto kabla ya kukileta.

Dalili za tangazo bovu

Mwajiri anaweza kulipima tangazo lake. Barua zikiwa nyingi lakini waliojibu swali ni wachache mno, huenda swali lilifichwa mwishoni, lipandishwe juu. Barua zikiwa mbili au tatu tu, ama malipo hayalingani na masharti, ama tangazo halikuwafikia wahusika. Libandikwe katika vyuo vya mafunzo ya matibabu vya KMTC vilivyoko Mombasa na Port Reitz, misikitini, makanisani na katika ofisi za machifu.

Waombaji wakijitoa wanaposikia mshahara, basi ulifichwa. Na aliyeajiriwa akiondoka katika miezi ya kwanza kwa sababu ambayo mwajiri aliijua, sababu hiyo iongezwe katika tangazo lijalo.

Kuna lisilowezekana, hata hivyo. Tangazo liliahidi malipo tarehe 3. Mshahara ukija tarehe 20, muuguzi aliyechaguliwa kwa uangalifu wote huu ataondoka kama waliomtangulia, na tena mapema, kwa kuwa mwenye leseni hai na rekodi njema hakosi mahali pengine pa kwenda.