Kufua kwa Mashine au kwa Mikono Palipo na Maji Haba

Katika kufua, maji mengi hutumika katika kusuuza, wala si katika kutia sabuni. Basi mkazi wa Irente, Lushoto, anayechota maji kwa ndoo, na aanzie hapo kabla ya kununua mashine.

Tuchukue mfano wa kilo 5 za nguo za pamba, zisuuzwe kwa lita 15 za maji kila mara. Nguo zikitolewa zikichuruzika, huweza kubaki na lita 15 za maji ya sabuni. Kila msuuzo hupunguza sabuni kwa nusu tu. Zikikamuliwa vema hadi zibakize lita 5, kila msuuzo huacha robo. Kwa hiyo misuuzo miwili ya nguo zilizokamuliwa, yaani lita 30, ni sawa na minne ya zisizokamuliwa, yaani lita 60. Maji ya kukamua yakiwa bado yanateleza vidoleni, sabuni haijaisha.

Mashine yenye mlango wa mbele hutumia maji kidogo, lakini huhitaji bomba lenye msukumo; maji yakikatika, husimama. Yenye mapipa mawili, la kufulia na la kukamulia, hujazwa kwa ndoo. Pipa la pili hukamua kuliko mikono, na nguo hukauka upesi hata katika ukungu wa Juni na Julai.

Kwa nyumba yenye umeme na shughuli nyingi, hiyo ndiyo ifaayo. Anayefua kwa mikono naye akamue kabla ya kila msuuzo, na maji ya mwisho ayalowekee nguo zinazofuata.