Kuondoa Anga, Kubakisha Mgunga

Picha ya Kilimanjaro iliyopigwa mchana kutoka Amboseli, mgunga ukiwa mbele, mara nyingi hupendeza chini na kukosa uhai juu, kwa sababu anga limepauka. Mbunifu wa kalenda huliondoa anga hilo, akahifadhi mlima na mti pekee juu ya uwazi, ili baadaye aweke anga analolitaka.

Wengi hukimbilia kifutio, na hapo ndipo picha huharibika. Kilichofutwa hakirudi faili likishafungwa, na hakuna mkono unaoweza kuzunguka kila kijani cha mgunga. Afadhali kuficha kwa maski, yaani picha ya kijivu inayoambatana na tabaka: palipo peupe huonekana, palipo peusi hufichika, na pa kijivu huonekana nusu. Ukikosea, brashi nyeupe hurudisha.

Maski yenyewe karibu imo tayari ndani ya picha. Katika chaneli ya buluu anga hung'aa, ilhali majani huwa meusi, maana huakisi buluu kidogo sana. Katika GIMP, programu isiyolipiwa, mbunifu hufungua Channels, hubofya Blue kwa kitufe cha kulia na kuchagua Duplicate Channel. Kisha kwa Colors > Levels husogeza vipembe vya pembeni kuelekea kati hadi anga liwe jeupe na mti uwe mweusi. Asizidishe: kijivu kidogo kwenye ncha za majani ndicho kinachoufanya mti uonekane wa kweli. Akirudi kwenye tabaka la picha, huongeza maski, huchagua Channel na nakala ile, kisha huweka alama kwenye Invert mask. Anga hutoweka.

Tatizo ni kwamba theluji ya Kibo nayo ni nyeupe katika buluu, hivyo hutoboka pamoja na anga. Miteremko ya mbali yenye ukungu hufifia pia. Hapo brashi nyeupe hupakwa juu ya maski, taratibu, kufuata ukingo wa mlima.

Kabla ya kuhifadhi, tabaka jeusi liwekwe chini na picha ikuzwe. Uzi wa buluu iliyopauka ukionekana kuzunguka majani, ni pikseli zilizochanganya rangi ya jani na ya anga. Juu ya anga la machweo uzi huo utaonekana mara moja. Dawa yake ni kupaka rangi ya majani kwenye picha yenyewe, si kwenye maski, pale ukingoni.

Nakala ya kazi ihifadhiwe kama XCF, ambayo hutunza maski, na ya kutumia itolewe kama PNG baada ya kuliondoa tabaka jeusi. JPEG haibebi uwazi. Sehemu tupu hujazwa rangi. Na kwenye jina la faili andika jua lilikuwa upande gani, kwa mfano `kilimanjaro-jua-kushoto.png`, kwa sababu anga lenye mwanga wa upande mwingine litapingana na vivuli vya mti.